Invoisi imekuja na jina sio la kampuni: namna ya kumwandikia saplaya akutolee nyingine

Hii ni kwa nyie mnaoanza kazi ofisi za uhasibu na manunuzi hapa Tanzania, hasa kampuni zilizosajiliwa VAT. Kuna karatasi moja mtakutana nayo sana, invoisi ya saplaya ambayo mzigo ni sawa, bei ni sawa, ila jina juu sio lenu, au jina lenu limeandikwa vile watu wanavyowaita mtaani na anwani ni ya ofisi mliyohama. Wengi wanapiga simu, saplaya anasema "sawa nitarekebisha", wiki mbili zinapita hakuna kitu, ndo bosi anakwambia andika barua. Na barua yenyewe inaandikwa mistari mitatu ya "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" halafu inakaa huko kwa saplaya bila majibu.

Haijibiwi mara nyingi sio kwa sababu saplaya ni mkaidi, anaogopa. Risiti ya EFD ikishatoka haifutiki, mauzo yameshaingia kwenye kumbukumbu ya mashine na taarifa zimeenda TRA. Sasa ukimwambia "nitolee nyingine" yeye anasikia mauzo mara mbili, na kwenye ripoti ya mashine yake inaonekana kweli ameuza mara mbili, yaani VAT ya asilimia 18 anadaiwa kwenye zote mbili kama hana karatasi ya kueleza ile ya kwanza ilikuaje. Kwa hiyo barua yako kazi yake kubwa ni kumpa saplaya hiyo karatasi. Ukilielewa hili, kila sentensi utajua kwa nini inaingia.

Tuchukue mfano tuupitie wote. Kampuni tuiite Mfano Foods Limited, ndivyo ilivyo BRELA na TRA, ofisi ipo Mikocheni. Ila bango la dukani limeandikwa Mfano Shop na zamani walikuwa Kariakoo. Dereva kaenda kuchukua vifungashio vya sh. 4,200,000, VAT 756,000, jumla 4,956,000. Kaulizwa "niandike jina gani?" kasema Mfano Shop, Kariakoo. Ikatoka hivyo, na sehemu ya TIN ya mnunuzi ipo wazi.

Kabla hujaandika chochote toa cheti cha usajili cha BRELA, cheti cha TIN na cheti cha VAT uviweke mezani pamoja. Angalia jina limeandikwaje herufi kwa herufi na anwani ni ipi. Inatokea mnamlaumu saplaya kwa anwani ya zamani kumbe hata kwenye cheti cha TIN bado mpo Kariakoo kwa sababu mlihama na hakuna aliyeenda kubadilisha TRA. Hapo barua isubiri, nendeni mkabadilishe kwanza, la sivyo utaomba invoisi ya anwani ambayo serikali haiijui halafu mwezi ujao uiombe tena.

Pia pima kama kosa lina uzito. Binafsi siwezi kumsumbua mtu eti kaandika "Ltd" badala ya "Limited" wakati TIN na VRN, yaani namba ya usajili wa VAT, zipo sawa. Ila TIN ikikosewa au ikiwa ya mtu mwingine, jina likiwa la biashara nyingine, au jina la mfanyakazi badala ya kampuni, hapo hakuna kufumbia macho, maana ukidai hiyo VAT mkaguzi atakuuliza haya manunuzi ni ya nani, na atakuwa na haki. Kwenye mfano wetu 756,000 yote ipo hatarini, na hata ile 4,200,000 inaweza kubishaniwa kama ni gharama ya kampuni kweli.

Jambo lingine wageni wanalikosa: saplaya wengi wanatoa karatasi mbili, kuna invoisi ya A4 inayoprintiwa kwenye kompyuta na kuna risiti ya EFD. Ya A4 ni rahisi, anabadilisha jina anaprinti tena dakika mbili anakutumia wasap, wewe unafurahi unafaili. Kumbe risiti ya EFD bado inasoma Mfano Shop, na kwenye kudai VAT hiyo ndo inayobeba. Kwa hiyo barua itaje zote mbili kwa namba zake, usiseme tu "invoisi yetu".

Barua ikiwa kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni (muhimu, kwa sababu nembo yenyewe inathibitisha jina), inaweza kusomeka hivi:

Kumb. Na. ……
11 Machi 2025

Meneja Mauzo,
(jina na anwani ya muuzaji)

YAH: OMBI LA KUTOLEWA UPYA ANKARA NA. 0217 NA RISITI YA EFD YA TAREHE 6 MACHI 2025, SH. 4,956,000

Tarehe 6 Machi 2025 tulinunua kwenu vifungashio vya thamani ya sh. 4,956,000 pamoja na VAT. Ankara na risiti ya EFD Na. …… zimetolewa kwa jina la "Mfano Shop, Kariakoo" bila TIN ya mnunuzi. Mnunuzi ni kampuni yetu, na taarifa zake kama zilivyo kwenye vyeti vya usajili ni hizi:

Mfano Foods Limited
Kiwanja Na. ……, Mikocheni, S.L.P. ……, Dar es Salaam
TIN ……   VRN ……

Tunaomba mtoe kredit noti inayotaja ankara na risiti hiyo ya kwanza, kisha ankara mpya na risiti mpya ya EFD zenye taarifa hizo. Bidhaa, idadi, bei na VAT zibaki kama zilivyo.

Tunathibitisha kwamba ankara na risiti ya kwanza hatujazitumia kudai VAT na hatutazitumia. Nakala zake halisi tunazirudisha pamoja na barua hii.

Malipo ya sh. 4,956,000 tulishayafanya benki tarehe 7 Machi 2025, kumbukumbu Na. ……, hivyo ankara mpya isihesabiwe kuwa deni jipya.

Tutashukuru tukizipata kabla ya tarehe 21 Machi 2025. Tumeambatanisha nakala za cheti cha usajili, cheti cha TIN na cheti cha VAT.

Sahihi, jina, cheo na muhuri wa kampuni

Basi, ni ukurasa mmoja. Aya ya "hatujazitumia na hatutazitumia" ndo moyo wa barua, hiyo ndo saplaya anaiweka kwenye faili lake pamoja na kredit noti, yaani karatasi ya kufuta mauzo ya kwanza, na ile risiti iliyokosewa, siku akiulizwa mbona mauzo mawili ya kiasi kilekile siku zinakaribiana ana jibu lenye muhuri wa mteja. Kwa hiyo usiiandike kama bado hujaangalia kwenye ritani zenu, maana kama ile risiti ilishadaiwa mwezi uliopita utakuwa umesaini uongo. Kama ilishadaiwa, ongea na mkubwa wako kwanza muone ritani inarekebishwaje, barua baadaye. Na kabla hujarudisha nakala halisi zipige skani, zikipotea njiani na wewe huna kitu utajikuta mzigo upo stoo hauna karatasi hata moja.

Mstari wa malipo nao watu wanauacha. Usipoweka, kwenye vitabu vya saplaya invoisi mpya inasimama kama deni la pili, miezi mitatu mbele anakuletea stetimenti kwamba unadaiwa 4,956,000 nyingine, na huyo aliyepokea barua yako ameshaacha kazi.

Tarehe nimeweka 21 kwa makusudi. Ritani ya VAT inafailiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo mauzo ya Machi saplaya anayafaili Aprili. Kredit noti na invoisi mpya zikitoka ndani ya Machi hiyohiyo, kwenye ritani yake moja zinakatana na ile ya kwanza, hakuna maumivu. Ukimwomba Mei, ile ya kwanza ameshailipia, kredit noti inaingia ritani ya mwezi mwingine, hapo ndo anaanza kukuzungusha na kusema kweli namuelewa. Wewe una miezi 6 ya kudai VAT uliyolipa, ila usiihesabu hiyo kama muda wa kulala.

Kuna mawili ya kutoomba. Usiombe tarehe ya nyuma, mashine inaweka tarehe ya siku inapoprinti, risiti mpya itakuwa na tarehe mpya na ndivyo inavyotakiwa. Na usichanganye na maombi mengine, kama unataka maelezo ya bidhaa yabadilishwe au unabishana bei hiyo ni barua nyingine, maana ukibadilisha jina na bei kwa pamoja inaanza kuonekana kama ni mauzo tofauti kabisa. Kurekebisha kwa kalamu juu ya invoisi halafu mkagonga mihuri wote wawili, hilo nalo acha hata kama saplaya mwenyewe ndo anapendekeza.

Barua peleka kwa mkono ukiwa na nakala ya pili, wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, halafu tuma skani kwa imeili kwa mhasibu wao, sio kwa muuza duka tu. Muuza duka ndo uliyemzoea ila hana mamlaka ya kredit noti. Baada ya siku mbili tatu mpigie mhasibu, na muombe pia abadilishe jina lenu kwenye sistimu yao, kwa sababu kama "Mfano Shop" imehifadhiwa kule kama mteja, invoisi ya mwezi ujao itatoka vilevile.

Zikija mpya usifurahie jina tu. Linganisha TIN na VRN namba kwa namba, jumla iwe ileile, kisha skani ile QR code ya mraba kwenye risiti au ingiza namba ya uhakiki kwenye verify.tra.go.tz uone inafunguka na inasoma nini. Hakikisha kredit noti inataja namba ya risiti ya kwanza na sio kiasi tu. Kwenye sistimu yenu ingiza kredit noti kufuta 0217, ndo uingize mpya na malipo ya tarehe 7 uyahamishie kwake, maana ukiingiza mpya bila kufuta ya zamani mzigo unahesabiwa mara mbili na kuna mtu wa malipo ataikuta mpya haina alama ya kulipwa na atailipa. Skani ya zamani iandike IMEFUTWA, ifungwe pamoja na barua, kredit noti na mpya kwenye faili moja. Na dereva mpe kikaratasi chenye jina, anwani, TIN na VRN, akae nacho kwenye gari.