Meseji ya Idi kwa Bibi: mwaka jana niliaibika, mwaka huu amenibipu mwenyewe

Juzi msomaji mmoja kaniandikia. Babu yake yuko Ukerewe, yeye yuko Nyakato hapa Mwanza mjini, na anataka kumtumia babu salamu za Idi. Alikuwa ameshaandika, "Eid Mubarak mzee wangu, enjoy," na moyo mwekundu mwishoni. Nikacheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu hilo kosa ninalijua. Langu lilikuwa kubwa kuliko lake.

Mimi ni fundi simu karibu na Makoroboi. Simu za tochi napokea kila siku na naziheshimu, maana chaji yake inakaa wiki. Bibi yangu mzaa baba anayo moja, kijijini upande wa Sengerema. Kusoma hajui. Meseji ikiingia anaita mtoto wa jirani, yuko darasa la tano, anamsomea kwa sauti. Nilikuwa nalijua hilo miaka yote na halijawahi kunisaidia kufikiri.

Sasa Bibi na mimi tuna utani wetu. Wajukuu wa kiume mnajua. Nikifika nyumbani, nikishampa shikamoo na yeye akaitikia marahaba, ananiuliza, "Mume wangu, umeniletea nini?" Nami nampa jibu la mume. Tumekuwa hivyo tangu nikiwa mdogo. Jina aliloniita ni Kidagaa, kwa sababu nilikuwa mwembamba kama dagaa walioanikwa mchangani.

Idi ya mwaka jana nikaona nimwandikie kwa mahaba. Nikaandika, "Idi njema mke wangu mpenzi, umenikosesha usingizi," nikaweka maua matatu na mioyo minne, na chini nikamalizia kwamba nimemtumia elfu thelathini ya kitoweo. Nikaituma asubuhi, baada ya swala. Nilijiona mwandishi.

Wakati huo Bibi alikuwa amekaa mkekani na wageni. Pilau imepakuliwa, shehe wa pale kijijini yupo, shangazi yangu yupo, wazee wawili wa msikitini wapo. Simu ikalia. Mtoto akaitwa, akasimama katikati ya watu kama anayesoma shairi shuleni, akaanza: "Idi njema mke wangu mpenzi." Kwenye maua palikuwa na vibox vitupu, naye akavisoma, "box, box, box." Akaendelea hadi elfu thelathini. Kila aliyekuwepo akajua Bibi ana elfu thelathini, na wawili walikuja jioni kukopa.

Shangazi ndiye aliyenipigia. Alinisema mpaka salio likamkatikia, akanibipu nimpigie mimi ili aendelee kunisema. Bado linaniuma, nakiri, kwa sababu nia yangu ilikuwa njema na hakuna aliyeiuliza nia. Lakini Bibi mwenyewe alinifundisha zaidi ya wote. Wiki mbili baadaye nikaenda, nikamwomba radhi, akaniambia: "Mimi nikikuita mume wangu nakuwa nakuona usoni. Yule mtoto aliposoma, aliyeniita mke ni nani? Ni yeye." 

Hapo ndipo nikaelewa. Meseji ya mzee wa kijijini haisomwi na macho ya mzee. Inatoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, mara nyingi mtoto, mara nyingi mbele ya watu. Kwa hiyo kabla ya kutuma jiulize: maneno haya mtoto wa darasa la tano anaweza kumwambia bibi huyu bila kuvunja adabu? "Bibi shikamoo" anaweza, naye angempa hata kama usingeandika. "Mke wangu" hawezi. Utani uweke kwenye simu ya sauti, au ukae nao mpaka mkutane.

Mwaka huu nikaandika upya. Rasimu ya kwanza ilisema "Mungu apokee funga yako." Nikaisoma, nikashtuka. Bibi hafungi tena, sukari imemzuia, analisha maskini kila siku ya Ramadhani kama fidia. Hilo linamuuma, amefunga tangu msichana. Halafu mjukuu amtumie salamu za funga, zisomwe kwa sauti? Nikabadilisha iwe "ibada zako", ambayo inabeba vyote.

Kingine: wazee wanaogopa meseji za mjini. Simu ikilia nje ya saa iliyozoeleka, Bibi anashika kifua, anajua ni msiba. Mtoto naye anasoma polepole, neno kwa neno. Ukianza na maua ya maneno, unamweka mzee roho juu mpaka mstari wa nne. Mwambie mapema wewe ni nani na kwamba mko salama. Na jitaje kwa jina analokuitia yeye, si la kitambulisho. Hii ndiyo niliyotuma:

"Bibi shikamoo. Mimi Kidagaa, tuko salama. Idi njema. Mungu apokee ibada zako. Niombee dua, na unisamehe nilipokosea. Nitapiga baada ya sala ya adhuhuri."

Hesabu, ni herufi 152 pamoja na nafasi na nukta. Meseji moja inabeba 160. Ukichomeka emoji moja tu, ukomo unashuka hadi 70, yaani salamu hii ingekatwa vipande vitatu, na simu nyingine za zamani zinavileta kila kimoja peke yake, hata mpangilio ukavurugika. Hiyo nakwambia kama fundi, wateja wameniletea simu nzima wakidai mbovu kumbe ni mioyo ya wajukuu.

Mtu ataniuliza mahaba yako wapi humo. Yako kwenye Kidagaa. Yako kwenye "niombee dua". Wengi wetu tunamwombea mzee kana kwamba amekuwa mgonjwa wetu, "Mungu akupe umri mrefu", na mwenye miaka themanini na kitu anasikia tunamhesabia. Ukimwomba yeye akuombee, umemrudisha kwenye kiti chake. Jamani, vijana, tuache kuwatumia wazee wetu meseji za kusambaza zenye mashairi ya waridi! Bibi hajawahi kuona waridi. Anajua mihogo, anajua sato, anajua jina lako.

Pesa niliituma siku tatu kabla, nikampigia nikamwambia ni ya mchele, na ya kutolea nimeweka. Salamu ikabaki salamu. Na nilituma usiku ule ule Mufti alipotangaza mwezi umeandama, baada ya isha, maana mtoto yuko nyumbani. Asubuhi ya Idi hao watoto huwapati, wamevaa wamekwenda kuzungukia mkono wa Idi nyumba kwa nyumba. Kabla ya tangazo usitume, hata kama msikiti wako wa mjini umeshaamua. Bibi anafuata redio.

Wewe wa Ukerewe, babu yako mwite Babu. "Mzee wangu" ni ya baba, au ya bosi unayemwomba ruhusa.

Sikusubiri hata adhuhuri. Saa nne asubuhi Bibi akabipu mara tatu, nikampigia. Nyuma nasikia sufuria na watu. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, akasema meseji imesomwa mara mbili, na shehe ameisikia. Nikavimba kichwa, sitaficha. Kisha akashusha sauti.

"Mume wangu," akasema, "hilo daraja la Busisi la kuja huku walilowafungulia mwaka jana, linapitisha meseji tu?"