Choo cheusi: vidonge vya chuma au damu?

"Natumia vidonge vya kuongeza damu na choo changu kimekuwa cheusi. Je, ni hatari? Na kikiwa chekundu au cheupe?"

Ndugu, vidonge vya madini ya chuma hugeuza choo kuwa cheusi au kijani kilichokolea, kwa sababu chuma ambacho utumbo haukukifyonza hutoka pamoja nacho. Choo hicho hubaki na umbo lake la kawaida, na rangi hurejea siku chache baada ya dozi kwisha.

Damu iliyovuja tumboni, kwa mfano kutokana na kidonda, humeng'enywa njiani na kutoka ikiwa nyeusi kama lami, laini, yenye kung'aa na kunata, na yenye harufu kali isiyo ya kawaida. Ukiona hivyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uende mara moja iwapo una kizunguzungu, moyo unakwenda mbio au unatapika damu. Usijiambie kwamba ni vidonge tu, kwani anayetumia chuma anaweza pia kuvuja damu, hasa akiwa anameza aspirini au ibuprofeni.

Wekundu baada ya kula kiazi sukari, yaani bitiruti, hauna madhara na hupita kwa siku moja au mbili. Kama hukula kitu kama hicho, mwone daktari, na iwapo damu ni nyingi au ina mabonge, usisubiri.

Choo cheupe kama udongo wa mfinyanzi huashiria kwamba nyongo haifiki utumboni, na kikiambatana na macho ya manjano au mkojo mweusi, kinahitaji daktari haraka. Kwa mtoto mchanga, choo cheupe pekee kinatosha kumpeleka.