Asilimia 78 si ushahidi, na usimwambie mwanafunzi "aishushe"

*"Nasimamia ripoti za utafiti za stashahada hapa Mwanza. Kitambuzi cha AI kimetoa asilimia 78 kwa mwanafunzi mmoja na 31 kwa mwingine. Nataka wa kwanza nimwandikie barua ya kinidhamu na wa pili nimwambie aishushe hadi chini ya 20. Nipo sahihi? Na ni programu ipi ya bure iliyo bora, na nikate maksi ngapi?"*

Barua hiyo usiiandike, na huyo wa pili usimwambie ashushe chochote. Nianze na huyo wa pili, kwa sababu barua ukishaituma unaweza kuifuta kwa barua nyingine, lakini agizo la kushusha asilimia huharibu kazi yenyewe, na kazi iliyoharibika haifutiki.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyeandika kuhusu upotevu wa dagaa wakati wa kuanika msimu wa mvua, akikusanya takwimu zake pale Mwaloni Kirumba na kwenye mialo miwili ya jirani. Kitambuzi kikampa 74. Mimi, kwa kujiona mtu wa huruma, sikumshtaki. Nilimrudishia ripoti nikamwandikia pembeni kwa wino mwekundu: "Punguza iwe chini ya 20, kisha ulete tena." Niliona nimemwokoa, kumbe ndipo nilipomtumbukiza.

Binti yule alirudia sentensi zake kwa mikono mpaka akachoka, na namba ikawa inapanda na kushuka bila sababu aliyoweza kuiona. Alipokata tamaa alikwenda kwenye duka moja la stesheneri, akalipa, na kijana wa kompyuta akapitisha ripoti nzima kwenye programu ya "kuifanya isomeke kibinadamu". Ripoti ikarudi kwangu ikiwa na 9. Nikaipongeza, nikasaini, ikaenda kwa mtahini wa nje.

Mtahini alifungua sura ya tatu akakuta sampuli ya nasibu imegeuzwa kuwa kitu chenye maana ya "kipande kisicho na mpangilio", na dagaa waliooza wakati wa kuanikwa wamekuwa dagaa "waliopoteza tabia njema walipokuwa wakipumzika juani". Nilicheka niliposoma, kwa sababu kulia mbele ya mtahini si jambo la heshima kwa mtu wa umri wangu. Ripoti ilikataliwa, binti akakosa mahafali ya mwaka ule, na saini iliyokuwa chini ya upuuzi ule ilikuwa yangu.

Sasa itazame hiyo hesabu kwa utulivu. Ripoti aliyoiandika mwenyewe, kwa takwimu alizozipata akiwa amesimama na mizani kwenye mchanga wenye kunuka dagaa, ilipata 74. Ripoti iliyopitishwa kwenye mashine ilipata 9. Kama namba hiyo ingekuwa inapima nani ameandika, ingekuwa imepanda, lakini imeshuka.

Sababu ni kwamba kitambuzi hakimwoni mwandishi hata kidogo. Kinachokiona ni maneno tu, na kwa sehemu kubwa kinapima jinsi neno linalofuata lilivyokuwa rahisi kubashiriwa kutokana na yale yaliyotangulia, na jinsi sentensi zinavyofanana urefu na mwendo. Miundo ya lugha inayozalisha maandishi huchagua mara nyingi maneno yanayotarajiwa, kwa hiyo maandishi yanayotabirika huhesabiwa kuwa ya mashine. Lakini fikiria sisi tunawafundisha nini wanafunzi wetu. Tunawapa kiolezo cha sura ya tatu, tunawaambia waanze na eneo la utafiti, wafuatishe idadi ya walengwa, kisha mbinu ya kupata sampuli, kila kitu kwa sentensi fupi za Kiingereza salama walizozikariri tangu kidato cha kwanza. Mtu anayeandika kwa lugha ya pili au ya tatu hushika njia aliyoizoea asije akakosea, na njia iliyozoeleka ndiyo hiyo inayotabirika. Tunamfundisha kuandika kwa kutabirika, kisha tunamshangaa kwa kutabirika.

Na haya si mawazo yangu ya kujifariji. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vitambuzi saba. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine, ilhali insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani zilipita karibu zote bila tatizo. Kisha wakafanya jambo ambalo laiti ningelisoma mapema: waliiagiza ChatGPT itajirishe msamiati wa zile insha za TOEFL, na mara tu mashine ilipozigusa, tuhuma za kuwa ni za mashine zikapungua sana. Ni yale yale ya kijana wa stesheneri.

Jambo la pili ni maana ya hiyo 78 yako. Naamini unaisoma kama nilivyokuwa nikiisoma mimi, yaani "kuna uwezekano wa asilimia 78 kwamba mwanafunzi huyu amedanganya". Sivyo. Kwenye ripoti ya Turnitin, kwa mfano, asilimia ni sehemu ya maandishi yaliyokaguliwa ambayo programu imeyahesabu kuwa yanafanana na ya AI. Ni kipimo cha eneo lililopakwa rangi, na kila kipande cha eneo hilo kimepakwa kwa kubashiri. Vitambuzi vingine hutumia alama ile ile ya asilimia kumaanisha kiwango cha uhakika wa programu yenyewe, jambo ambalo ni tofauti kabisa. Ndiyo maana andiko moja ukilipeleka kwenye tovuti tatu unaletewa namba tatu zisizoelewana. Na hapo kwenye Turnitin, matokeo yaliyo juu ya sifuri lakini chini ya 20 huonyeshwa kwa nyota badala ya namba kamili, kwa sababu wenyewe wanasema katika kiwango hicho makosa ni mengi. Hiyo 20 ni mpaka wa mashine kutojiamini, wala haikuwekwa iwe alama ya kufaulu kwa mwanafunzi.

Hata uwezekano wenyewe hauwezi kuupata bila kujua ni wangapi hasa wanaodanganya. Tuseme, kwa mfano tu, chuo kina ripoti 400, na 40 kati ya hizo zimeandikwa na mashine. Kitambuzi chako kiwe kizuri: kinakamata asilimia 80 ya za mashine, na kinawasingizia asilimia 5 tu ya waliojiandikia. Kitakamata ripoti 32 za mashine. Kati ya zile 360 za halali kitasingizia 18. Mezani kwako zitakuja ripoti 50 zenye alama nyekundu, na 18 kati yake, zaidi ya theluthi moja, ni za watu wasio na kosa. Zote zinafanana ukizitazama, na hakuna kitu ndani ya ile asilimia kitakachokuambia ipi ni ipi.

Aliyenipotosha alikuwa mwezeshaji wa semina moja ya siku chache, aliyekuja na slaidi za kijani, njano na nyekundu, akatuambia bila kupepesa macho kwamba kuanzia 50 "kesi imekwisha". Tukanukuu, tukala pilau, tukasaini posho, tukaenda kuwatesa watoto wa watu. Hakututajia kiwango cha kusingizia hata mara moja. Hakutuambia kwamba watengenezaji wenyewe wanaonya matokeo yasitumiwe peke yake kumchukulia mwanafunzi hatua. Zaidi ya yote alituchanganyia asilimia hii na ile ya mfanano, nami hapo ndipo ninapomdai mpaka leo.

Asilimia ya mfanano, mkuu, ina kitu nyuma yake. Ukibofya sentensi iliyowekewa rangi, inakufungulia chanzo, unaweka maandishi mawili sambamba, na hata mama yake mwanafunzi ataona yamenakiliwa au hayakunakiliwa. Asilimia ya AI haina chanzo cha kufungua. Hakuna andiko la pili la kulinganisha, na hakuna mtu anayeweza kuihakiki, wewe ukiwemo. Mizani ya dagaa pale Mwaloni hata ikichezewa, mteja anaweza kudai jiwe la kilo moja liwekwe juu yake ajiridhishe. Kwa hii hakuna jiwe.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nami siilegezi kwa mtu yeyote idarani: andika tuhuma yako yote bila kuitaja namba. Ukishindwa kuijaza hata aya moja, huna tuhuma, una wasiwasi tu. Kwa huyo wa 78, chukua orodha ya marejeo uitafute kazi moja moja. Rejeo lenye jina la jarida halisi na makala ambayo haijawahi kuwapo ni kosa unaloweza kulithibitisha mbele ya kamati yoyote, tena bila kitambuzi. Mwombe daftari la uwandani na madodoso yaliyojazwa, uone kama namba za jedwali la sura ya nne zinatoka humo. Kama aliandika kwenye Google Docs, fungua "Version history" uangalie kama ripoti ilikua aya kwa aya, siku kwa siku, au ilitua nzima kwa mara moja. Hata hilo la kutua nzima lina majibu yake, kwa kuwa wengi huandika kwenye simu kisha wakahamisha, kwa hiyo uliza kabla ya kuamua. Mwisho mketishe, muulize kwa nini alichagua mwalo huu na si ule, na nini kilimshinda uwandani. Muulize kwa Kiswahili. Aliyefanya kazi atakueleza mpaka jina la mzee aliyemfukuza mwaloni, na asiyefanya utamjua kabla chai haijapoa.

Nakubali kwamba kwa njia hii wapo watakaopita hali mashine imewaandikia. Hilo linanikera kama linavyokukera wewe. Lakini kitambuzi nacho kinawapitisha, na wanaopita kirahisi zaidi ni wale wenye pesa ya kumlipa kijana wa stesheneri.

Huyo wa 31 mrudishie ripoti ikiwa na masahihisho ya kitaaluma tu, na ule ukurasa wenye asilimia uuondoe kabla hajauona, maana akiuona ataanza kuipigania namba badala ya kuurekebisha utafiti. Na kama barua ya wa kwanza imeshatoka mezani kwako, ifuate leo kwa karani kabla haijagongwa muhuri.