Ukitaka kuchambua ngurario kwa Durkheim, anza na marufuku

Nyinyi mnaoanza soshioloji, najua mkipewa asaimenti ya Durkheim, yule mwanasoshioloji Mfaransa aliyegawa vitu kuwa vitakatifu na vya kawaida, mnakimbilia kuchora jedwali la safu mbili, maombi na baraka huku kwa takatifu, wali na soda kule kwa kawaida, alafu mnasema mmemaliza. Durkheim kwenye kitabu chake cha 1912 hakusema kitakatifu ni kile chenye Mungu ndani, alisema ni kitu kilichotengwa na kuwekewa marufuku, kwa hivyo ukifika kwenye sherehe uliza kwanza nani haruhusiwi kugusa nini, na akigusa watu wanafanyaje.

Chukua ngurario, ile harusi ya kimila ya Wakikuyu, hizi zenye unaona hema zimesimamishwa Kasarani ama Kahawa siku ya Jumamosi. Mbuzi wanachomwa na nyama inakatwa na yeyote mwenye kisu, hiyo ni kawaida tu. Lakini kuna bega moja, kiande, linabaki zima mpaka bwana harusi alikate mbele ya wazee na amlishe bibi harusi. Mbuzi ni wale wale, moto ni ule ule, kilichobadilika ni vile watu wameamua kulitenga, na hapo Durkheim anafanya kazi vizuri sana. Sasa kaa karibu na uandike: nani analinda hiyo sinia, nani anamnyamazisha dijei, mtu akitaka kuonja mapema anaambiwa nini. Kama hakuna mtu anajali, usiandike takatifu, huna ushahidi.

Shida inaanza kwa pesa, maana Durkheim alitenganisha hizo pande mbili, takatifu na kawaida, kabisa. Wazee wakijadili ruracio, yaani mahari, wanahesabu mbuzi, lakini mbuzi wenyewe ni shilingi na saa zingine zinatumwa kwa M-Pesa. Mtu akithubutu kusema msichana ananunuliwa kikao kinachafuka, na simu ile ile baadaye inamlipa mwenye hema na hakuna anayeshtuka. Unaweza kumtetea Durkheim kidogo, kwa sababu alikubali kitu cha kawaida kinaweza kuvuka kwenda upande wa takatifu kupitia ibada, na kuhesabu kwa mbuzi ndiko kunakoivusha hiyo pesa. Sawa, lakini basi mpaka unahamahama ndani ya mchana mmoja. Stanner, mwanaanthropolojia aliyeishi na kufanya utafiti Australia, kule Durkheim alikoandika habari zake bila kufika, naye aliona huu mgawanyo haukai vizuri na maisha aliyoyakuta.

La pili, na mimi naona ndilo zito zaidi, ni ile muratina, pombe ya kienyeji ya Wakikuyu. Kwa mzee ni kinywaji cha baraka, kwa shangazi aliyeokoka ni kitu hata hataki kiwekwe mezani kwake, na wote wawili wako chini ya hema moja. Durkheim aliwaza jamii moja yenye imani moja, kwa hivyo usiandike “jamii inaona”, ongea na mzee kando, ongea na shangazi kando, na uweke majibu yote mawili kwenye ripoti hata kama yanagongana.