Mtambo wa barafu Kunduchi: kujenga sasa au kusubiri mwaka?

Swali: Nina shilingi milioni 70 za kufunga mtambo wa barafu Kunduchi. Mchanganuo unaonyesha faida, ila mume wangu anasema tusubiri mwaka tuone kama wachuuzi wa samaki watanunua kweli. Kusubiri kunapimika, au ni woga tu?

Jibu: Kunapimika, dada. Tuseme soko likiwa zuri mtambo unakuachia milioni 30 kwa mwaka kwa miaka 10, na likiwa baya unakuachia milioni 10. Pesa yako tuihesabu kwa 20% kwa mwaka, yaani milioni 1.2 ya mwakani ni sawa na milioni 1 ya leo. Kwa thamani ya sasa, faida hizo ni kama milioni 126 au milioni 42. Uwezekano ukiwa nusu kwa nusu, wastani ni 84. Toa 70, zinabaki milioni 14, na hapo ndipo wengi huagiza mashine.

Sasa chukua njia ya mumeo. Mwaka ukiisha na soko likaonekana zuri, unajenga na kubaki na 56. Likiwa baya, hujengi. Nusu ya 56 ni 28. Kwa kuwa zinachelewa mwaka mmoja, gawanya kwa 1.2 upate milioni 23.3. Kwa hiyo haki ya kusubiri ina thamani ya milioni 9.3, hata baada ya kuhesabu mwaka mzima usiouza barafu. Thamani hiyo inatokana na kuepuka hasara ya milioni 28 ambayo ungeipata ukijenga leo na soko likagoma. Sakafu ya zege na laini ya umeme huwezi kuviuza.

Lakini kama hata soko baya lingekupa faida za milioni 75 kwa thamani ya sasa badala ya 42, ungejenga vyovyote vile, na kusubiri kungekuchelewesha bure. Habari isiyoweza kubadili uamuzi wako haina bei.

Kuna pia mshindani. Uwezekano wa mtu mwingine kukuwahi ndani ya mwaka huo ukizidi 40%, ile 23.3 inashuka chini ya 14, na hapo jenga sasa. Mwenye kiwanja akikubali kukushikia eneo kwa milioni 2, mlipe.

Ila mwaka wenyewe usiupitishe umekaa. Nunua barafu kwingine, iweke kwenye makasha yenye kuhifadhi ubaridi, uza hapo ufukweni na andika kila siku umeuza vipande vingapi na wangapi wameondoka bila kupata. Hao wa mwisho ndio watakaokuonyesha ukubwa wa soko. Usiishie miezi mitatu ya kaskazi, bahari ikiwa shwari na samaki wengi. Ngoja kusi ivume, vyombo vingi vikae pwani, uone wangapi bado wanakuja kununua.