Jina la WhatsApp la fundi

"Mimi ni Salumu, fundi friji wa Temeke. WhatsApp nimejiandika 'Baba K 🔥', na kwenye Kuhusu nimeweka 'Walimwengu wabaya'. Wateja wapya wananiuliza mimi nani. Niandikeje?"

Kaka Salumu, waliokusevu wanaona jina walilokuandika wenyewe. Hilo "Baba K" wanaliona wasiokusevu, mfano kwenye grupu la mtaa, likiwa na alama ya ~ mbele. Kwa hiyo mwandikie mgeni: "Salumu Fundi Friji". Ni herufi 18 na nafasi zake. Mwisho ni 25. Kazi iwe na jina, maana Salumu wako wengi.

Hao walimwengu wabaya watoe leo, ndugu yangu. Mteja anayetaka kukufungulia jiko lake atajiuliza mmegombania nini. Weka: "Friji na viyoyozi, Temeke. Napokea simu saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni." Mwisho wa hapo ni herufi 139, lakini fupi inasomeka. Mtaa na namba ya nyumba usiandike.

Kisha kwenye faragha angalia nani anaona Kuhusu. Ikibaki "Anwani zangu", mgeni haioni. Weka "Kila mtu", halafu jikague kwa simu ambayo haijakusevu.