Maswali na majibu: Kwa nini mafuta ya jana yanatoa moshi mapema

Shikamoo mwalimu. Nakaanga samaki karibu na soko la Feri hapa Mtwara. Asubuhi mafuta yanatulia tu, lakini ikifika jioni moshi unaanza hata samaki sijamtia. Karai ni lile lile, mkaa ni ule ule. Mafuta haya yamechakachuliwa?
— Mama muuza samaki, Shangani

Marahaba mama. Huenda hakuna aliyeyachakachua. Yamebadilika humo humo karaini.

Watu wengi wanadhani kila mafuta yana nyuzi zake za kutoa moshi, zimewekwa na hazibadiliki. Si hivyo. Mafuta ya alizeti au ya mawese yaliyosafishwa kiwandani, yakiwa mapya, huanza kutoa moshi kwenye nyuzi joto 220 hadi 230 hivi, na samaki anahitaji 170 hadi 180 tu. Una nafasi kubwa hapo. Ila nafasi hiyo inapungua kila unapokaanga, na anayeipunguza ni maji ya samaki.

Chembe moja ya mafuta imejengwa kama uma wa meno matatu: shina ni gliseroli, na kila jino ni asidi ya mafuta. Samaki mbichi amejaa maji. Akiingia kwenye mafuta ya moto, yale maji yanageuka mvuke, na baadhi yake hushambulia zile chembe na kuyang'oa meno. Asidi iliyong'oka inabaki huru ndani ya mafuta. Ikiwa peke yake ni nyepesi kuliko chembe nzima, kwa hiyo hupanda hewani kwa joto dogo zaidi. Sehemu kubwa ya moshi unaouona ni hiyo.

Haihitaji kuwa nyingi. Mafuta mapya yaliyosafishwa huwa na asidi huru chini ya asilimia 0.1. Ikifika asilimia 1, moshi unaweza kuanza kwenye nyuzi 160 hivi, yaani kabla hujafikia hata joto la kukaangia. Hapo ndipo mafuta yako ya jioni yalipofika.

Kuna na jambo la pili, nadhani ndilo linalokumaliza. Samaki akiwa karaini, maji yake yanapogeuka mvuke yanakula joto, na mafuta yanabaki kwenye kiwango chake. Ukimtoa, ukakaa unasubiri mteja huku mkaa umekolea, hakuna kinachokula joto hilo tena. Dakika chache tu mafuta yanaweza kupanda kutoka 180 hadi kupita 220. Jiko la mkaa huwezi kulipunguza kama la gesi, basi biashara ikilegea epua karai au funika mkaa kwa majivu. Samaki naye mkaushe kwa kitambaa kabla ya kumtia, na chumvi mtie baada ya kumwepua au mkung'ute vizuri, maana chumvi na punje za unga zinazobaki chini huharakisha uharibifu.

Mafuta yakianza kutoa mapovu ndiyo yamechemka? Rafiki zangu wanabishana.
— Mwanafunzi, Lindi

Hapana. Mapovu ni maji ya muhogo au samaki yanayotoka kama mvuke. Mafuta ya kula hayachemki kwenye karai la nyumbani. Yanaoza kwa joto kabla ya kufika huko.

Mimi nauza chipsi na mihogo Chikongola. Mafuta simwagi, kila asubuhi naongeza lita moja mpya juu ya ya jana. Kuna mtu kaniambia eti nayaharibu mapya. Ni kweli?
— Kijana wa chipsi, Mtwara

Inategemea unaongeza wakati gani. Tupige hesabu.

Tuseme mafuta yako ya jana ni lita 4 na yamefika asilimia 1 ya asidi huru. Humo mna kama mililita 40 za asidi. Lita yako mpya haina hata mililita 1. Ukichanganya una lita 5 zenye mililita 40 na kitu, yaani asilimia 0.8. Moshi utaanza juu kidogo tu ya pale pale kwenye 160. Umetumia hela ya lita nzima, na ukishakaanga mara chache umerudi ulikokuwa. Tena asidi iliyokwisha kuwa huru inasaidia maji kuzing'oa nyingine, kwa hiyo ile lita mpya inaharibika upesi kuliko ingekuwa peke yake. Aliyekuambia hakukosea.

Sasa chukua hali nyingine. Ulianza na lita 5 mpya, siku ya kwanza chipsi zikaondoka na lita 1, na lita 4 zilizobaki ziko kwenye asilimia 0.2. Ukiongeza lita 1 hapo, unapata asilimia 0.17 hivi, na moshi bado uko mbali, kwenye nyuzi 190 kuelekea juu. Hapo kuongeza kuna faida. Ongeza mapema na mara kwa mara, mafuta yakiwa bado mazima. Yakishachoka, kuongeza ni kuyapa mafuta mabovu lita ya bure.

Najua hutapima asidi pale kijiweni, basi angalia vitu hivi. Cha kwanza ni povu. Mafuta mazuri hutoa mapovu makubwa yanayopasuka mara, na maji ya chipsi yakiisha, povu linatulia. Yaliyochoka hutoa povu dogo dogo, la rangi ya njano, linalopanda ukingoni na halitulii. Cha pili ni ukingo wenyewe: pitisha kidole karai likipoa. Ukikuta gundi ya rangi ya asali isiyotoka kwa sabuni, hayo ni mafuta yaliyoungana yenyewe kwa yenyewe. Cha tatu, chota kwa upawa yakiwa ya moto uyamwage taratibu. Mapya hutiririka karibu kama maji, na yaliyoungana huvutika.

Rangi peke yake usiiamini. Mafuta yaliyokaanga samaki waliopakwa unga na bizari huwa meusi haraka, na yanaweza kuwa bado yanafaa kuliko ya mihogo yanayoonekana safi.

Nachuja kwa kitambaa cheupe kila usiku. Si yanakuwa mapya?
— Mama ntilie, Masasi

Chuja, usiache, kwa sababu makombo yanayobaki huungua siku ya pili na kuongeza moshi na uchungu. Lakini asidi na ile gundi vimeyeyuka ndani ya mafuta, na kitambaa hakizuii kilichoyeyuka. Baada ya kuchuja, weka kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua.

Ule moshi wa mafuta unawasha macho na kukaba koo kuliko moshi wa kuni. Una nini ndani yake? Na ukila chakula kilichokaangwa humo utadhurika?
— Baba wa familia, Mikindani

Una vitu vingi, lakini kinachokutoa machozi hasa ni akrolini. Lile shina la gliseroli likibaki bila meno yake na likazidiwa joto, hupoteza maji na kugeuka akrolini. Iko pia kwenye moshi wa kuni na wa sigara, ila juu ya karai lililopitiliza unaivuta ukiwa umeinama. Ukisikia harufu hiyo kali, usisubiri kuuona moshi vizuri. Epua.

Upande wa chakula, kuna mabadiliko mengine yasiyohitaji maji. Oksijeni ya hewani inaingia kwenye mafuta ya moto na kushika zile sehemu za asidi zilizo dhaifu. Mwanzo hutengeneza peroksidi, ambazo hazidumu kwenye joto la kukaangia. Zinavunjika na kuacha aldehaidi. Baadhi ya aldehaidi ndizo zinazoyapa mafuta ya zamani ile harufu ya rangi ya ukutani, na zinaingia kwenye chakula pamoja na mafuta kinayoyanywa. Chembe nyingine zinaungana kuwa kubwa, ndiyo gundi niliyomweleza kijana wa chipsi.

Je, kula samaki mmoja wa namna hiyo kutakulaza hospitali? Sidhani, labda tumbo likukatae. Tatizo ni mazoea, na zaidi ni la anayekaanga kuliko anayekula, maana yeye anavuta moshi kutwa. Ujerumani, kwa mfano, mafuta ya kukaangia yakifikisha asilimia 24 ya mchanganyiko wa hivi vitu vilivyoharibika hayaruhusiwi kuendelea kutumika. Kipimo hicho kinahitaji kifaa. Sisi tutaishia kwenye povu, gundi na pua.

Hapa Nachingwea tunakamua ufuta wetu kwa mashine ndogo, na mama anatengeneza mafuta ya nazi. Tunaweza kukaangia maandazi, au ni ya kupikia mchuzi tu?
— Dada wa Nachingwea

Mnaweza, kwa uangalifu. Mafuta yasiyosafishwa kiwandani yana asidi yake ya asili na chembechembe za mmea, kwa hiyo huwahi kutoa moshi. Ya nazi na ya ufuta yaliyokamuliwa tu huanza kwenye nyuzi 175 hivi, na maandazi yanataka karibu hapo hapo. Huna nafasi ya kukosea. Pima kwa kipande kidogo cha mkate: kikipata rangi ya dhahabu kwa dakika moja hivi, uko kwenye 180. Kikiiva kwa nusu ya muda huo, umepitiliza.

Lakini usiyadharau kwa sababu ya namba hiyo. Kuwahi kutoa moshi ni jambo moja, kuhimili oksijeni ni jambo lingine. Alizeti ya kawaida iliyosafishwa inavumilia hadi 225, huku asidi zake nyingi zikiwa ni zile dhaifu ambazo oksijeni inazishika kirahisi. Ufuta una vitu vya asili vinavyozuia oksijeni, na nazi karibu haina sehemu za kushikwa. Kwa moto wa wastani na kwa kukaanga mara moja, nayapenda yenu.

Onyo moja: usichanganye mafuta ya nazi na mafuta mengine kwenye karai moja. Mchanganyiko huo hufura povu vibaya na unaweza kumwagikia jikoni. Na nazi ikishapigwa na maji mara nyingi hutoa ladha ya sabuni, hata kabla ya moshi.

Mafuta yakishika moto kabisa nifanyeje?
— Msomaji, Kilwa Masoko

Yakipita nyuzi 350 na kuendelea mafuta yanaweza kujiwasha bila cheche. Usimwage maji hata kikombe: yatazama chini, yageuke mvuke mara moja na kurusha mafuta yanayowaka hadi darini. Usilibebe karai kulitoa nje. Sogeza mfuniko mkavu wa bati kutoka upande wako hadi ulifunike lote. Kama huna, mwagia mchanga mkavu kwa koleo. Ukifunua mapema hewa inaingia na moto unarudi, basi mfuniko ubaki mpaka karai lipoe kiasi cha kushikika kwa mkono mtupu.